Infografiki yako ni bubu, usilaumu Google

Kila wiki kuna msee ananiandikia akilia eti Google inawabagua watengenezaji wadogo. Amekesha siku tatu kwenye Canva, ametoa infografiki safi, ameipachika kwenye tovuti yake, halafu ukiitafuta haipatikani. Nafungua ukurasa wake. Nakuta picha moja ndefu kama foleni ya Thika Road, na juu yake wala chini yake hakuna hata sentensi moja. Kichwa cha ukurasa ni "Poster". Jina la faili ni `final_final3.png`. Sasa buda, nani amekubagua? Si umejificha mwenyewe?

Naongea kwa ukali kwa sababu huyo msee nilikuwa mimi. Niliacha chuo, nikajifunza kuchora mabango, na kazi ya kwanza niliyojivunia ilikuwa infografiki ya kutibu maji kwa jua. Unajaza maji kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, unailaza juani saa 6. Baada ya miezi kadhaa nikatafuta "kutibu maji kwa jua", na picha yangu nikaiona kweli, na rangi zangu, hadi kosa langu la herufi. Lakini ilikuwa kwenye tovuti ya mtu mwingine. Ukurasa wangu haukuwa popote.

Nilitukana, siwadanganyi. Halafu nikafungua ukurasa wa huyo mwizi nimwone vizuri, na hasira ikanigeukia. Alikuwa ameandika kichwa kinachosema picha inahusu nini. Alikuwa ameeleza hatua zote kwa maandishi ya kawaida. Na chini ya picha aliweka kapsheni. Mimi nilikuwa nimekataa hayo yote kwa sababu niliona yanaharibu mwonekano. Kuiba ni kuiba, na nilimwandikia aitoe. Lakini Google haikuwa na namna ya kujua ukurasa wangu unahusu maji.

Tuanze na kichwa, kwa sababu hapo ndipo watu wanapenda ujanja. Kichwa cha ukurasa ndicho kile kinachokaa ndani ya `<title>`, na mara nyingi ndicho kinachotokea kama mstari wa kubonyeza kwenye matokeo. Ukiandika "Poster" au "Karibu kwenye ukurasa wetu", Google inaweza kukiacha na kuokota maneno mengine kutoka kwa ukurasa. Andika kile mtu angeandika akiwa na shida hiyo, na maneno yenye uzito yatangulie: "Kutibu maji kwa jua: chupa safi, saa 6 juani". Kisha kichwa kikubwa kilichochorwa ndani ya picha kiseme jambo hilohilo. Tangu Februari 2018 Google iliondoa kile kitufe cha kufungua picha peke yake, kwa hivyo mtu akibonyeza picha na kutaka zaidi anapelekwa kwa ukurasa. Akifika akute maneno mengine kabisa, atadhani amepotea na atarudi alikotoka.

Sasa maandishi. Hapa ndipo nabishana na watu kila siku. Ukitoa kazi Canva kama PNG, herufi zako zinakufa. Zinageuka rangi tu, kama vile mti au jua ulilochora. Jaribu: weka kidole kwenye neno lililo ndani ya picha, ulishikilie kama unayetaka kukopi. Kwenye simu nyingi itakuja menyu ya kuhifadhi picha badala ya neno kuchaguliwa. Hapo ujue ukurasa wako hauna neno hilo.

Najua jibu lenu: "Lakini Google siku hizi inasoma picha, si kuna Lens?" Ndiyo, mashine inaweza kutambua herufi zilizo kwenye picha. Lakini mwongozo wa Google wenyewe unasema usifungie maandishi muhimu ndani ya picha, kwa sababu si kila mtu anaweza kuyafikia na zana za kutafsiri ukurasa haziyagusi. Kipofu anayesomewa skrini na simu yake anaweza asiyasikie kabisa. Na hata mwenye macho anateseka. Ukichora kwa upana wa pikseli 1080, kisha ionekane kwenye simu yenye upana wa 360, kila kitu kinagawanywa kwa 3. Herufi ya 30 inakuwa 10. Nani atasoma hiyo ndani ya matatu?

Kwa hivyo nilipunguza. Ndani ya picha nikabakisha kichwa, michoro minne na maneno machache makubwa. Maelezo yenyewe nikayahamisha kwa ukurasa, karibu kabisa na picha: kwamba maji machafu yenye tope lazima uyachuje kwanza kwa sababu mwanga haupenyi, na kwamba jua haliondoi kemikali. Si lazima ukopi kila neno la picha. Andika ukurasa ambao ungemsaidia mtu hata picha ikikataa kufunguka kwa sababu bando limeisha.

Kapsheni nayo wengi wanaiua kwa kurudia kichwa. Watu huangalia picha kisha mstari ulio chini yake, na Google pia hutumia kapsheni kuelewa picha inahusu nini. Mpe huyo msomaji kitu ambacho picha haikuweza kusema. Mchoro wangu una jua kubwa la manjano, lakini Nairobi ya Julai tunaijua. Ndiyo maana kapsheni yangu inazungumzia mawingu:

```html
<title>Kutibu maji kwa jua: chupa safi, saa 6 juani</title>

<figure>
  <img src="kutibu-maji-kwa-jua.png"
       alt="Hatua nne za kutibu maji kwa jua kwenye chupa ya plastiki">
  <figcaption>Saa 6 ni za siku ya jua kali. Mawingu yakitanda,
  acha chupa nje siku 2 mfululizo.</figcaption>
</figure>
```

Angalia hiyo `alt`. Ni sentensi moja inayomweleza asiyeiona picha kilichomo. Kuna maguru wanawafundisha kujaza humo "maji, maji safi, maji Kenya, maji Nairobi" mara kumi. Hiyo Google inaihesabu kama takataka, na kipofu anasomewa upuuzi. Na picha iwekwe kwa `<img>` kama hapo. Ukiiweka kama mandharinyuma kwa CSS, Google haiiorodheshi kabisa.

Kosa moja lilinisumbua hata baada ya hayo yote. WordPress yangu ya zamani ilikuwa inatengeneza ukurasa mdogo kwa kila picha ninayopakia, wenye picha tu na jina la faili. Kwa hivyo picha yangu ilikuwa na nyumba mbili, na moja ilikuwa tupu. Tovuti mpya kuanzia WordPress 6.4 hazifanyi hivyo, lakini kama yako ni ya kitambo, bonyeza picha yako uone inakupeleka wapi.

Ukishamaliza, usikae ukijitafuta kila asubuhi. Fungua Search Console, kwenye Performance ubadilishe "Search type" iwe Image, uone ni maneno gani yanaileta picha. Kisha rudisha Web uone yanayoleta ukurasa. Yangu yalichukua wiki kadhaa kuanza kutokea, na mwizi bado yuko juu yangu kwa utafutaji mwingine. Kwa ule wa "maji jua mawingu", ambao yeye hakuuandikia chochote, niko juu yake.