Rangi ya nguo ibadilike, sura zibaki

Tuchukulie picha ya arusi mtaani Dallas, mjini Embu. Wapambe wa bibi arusi ni sita: wanne wamevaa kijani, wawili samawati, kwa kuwa kitambaa kilipungua dukani. Familia yataka wote wawe kijani, na kila binti abaki na sura yake na alivyosimama.

Picha isichorwe upya nzima, kwani hapo ndipo sura hupotea. Katika programu ya GIMP, twaweka tabaka tupu juu ya picha na kuchagua `LCh Color` kwenye `Mode`. Kisha twachota kijani katika nguo ya mpambe wa jirani, tukakipaka juu ya zile nguo mbili tu. Rangi hugeuka, ila mwanga na kivuli cha chini hubaki. Ndiyo maana mikunjo ya kitambaa haipotei.

Hatari i penye mkono uliolazwa juu ya nguo: kidole hugeuka kijani. Hapo twafuta kwa brashi ndogo.

Tukimaliza, twalificha tabaka na kulirudisha. Kikibadilika chochote kisicho kitambaa, kazi haijaisha.