Mrudishie Chenji Yake Kwanza

Mafundi wenzangu wa Segera, na ninyi wa Kabuku, Michungwani, Hale na Korogwe mjini: nawaandikia kuhusu mteja anayekufanya uiangalie simu ikiita na usiipokee. Tunamjua sote. Tusichojua wengi ni namna ya kumwacha. Tunazima simu, tunahamisha vifaa usiku, au tunavumilia mpaka siku moja tunamtukana mbele ya watu. Baada ya hapo jina linalobaki limechafuka ni letu, si lake.

Hapa kwetu jina haliendi mbali likasahaulika. Barabara ya kutoka Chalinze inagawanyika hapa, moja kwenda Tanga, nyingine kwenda Korogwe hadi Moshi, na maneno yanagawanyika nayo. Konda akisikia saa tatu asubuhi kwamba fundi fulani kala hela ya mtu, saa sita habari iko stendi ya Korogwe.

Nawapa kisa changu. Nachomelea. Rafiki yangu alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa anajenga nyumba ya wageni. Tukakubaliana grili 8 za madirisha, kila moja shilingi 180,000, na geti la 960,000. Jumla 2,400,000. Akanipa nusu, 1,200,000, na nusu nyingine tukasema kazi ikiisha.

Dalili ya kwanza niliiona siku ya kwanza kabisa, nikaipuuza. Nilipokuwa napima madirisha, mzee alinieleza habari za mafundi watatu waliokwisha kupita pale. Wa kwanza mwizi, wa pili mlevi, wa tatu hajui kazi. Mimi nikavimba kichwa, nikajiona ndiye fundi wa kweli aliyekuwa akitafutwa. Kumbe ukutani, kwenye dirisha la jikoni, palikuwa na matundu ya boliti yaliyopangwa vizuri, yamepimwa kwa levo. Mtu asiyejua kazi hatoboi hivyo. Ningempigia hata mmoja wa wale watatu, ningejua ninaloliingia. Mteja kugombana na fundi mmoja ni kawaida. Akigombana na watatu mfululizo, wa nne ni wewe.

Dalili ya pili ni kukataa maandishi. Nilitoa kaunta buku langu ili tuandike mchoro na bei, mzee akacheka: "Sisi ni ndugu, tuandikiane kama tuko mahakamani?" Nikaona haya, nikalifunga. Wiki mbili baadaye, grili mbili zikiwa zimeshakatwa na kuungwa, akasema maua aliyotaka si yale, alitaka ya mshazari. Nikakata upya. Siku mbili zikapotea, fimbo za kuchomelea zikapotea, na sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Halafu mdogo wake akaja na mchoro wake, na msimamizi wa ujenzi naye akawa na wake. Mkiwa na mabosi watatu kwenye dirisha moja, ulizeni ni nani anayelipa, na mwandike jina la huyo peke yake kwamba ndiye anayebadilisha mchoro.

Dalili ya tatu inahitaji jicho, kwa sababu inafanana na shida ya kweli. Kwetu huku watu wanategemea machungwa. Mteja anaweza kukuchelewesha mwezi mzima kwa kuwa lori halijaja shambani, na bado akawa mteja mwema kuliko wote. Tofauti iko kwenye nani anaanza kuongea. Mwenye shida ya kweli anakupigia kabla ya tarehe: "Fundi, mzigo haujatoka, nivumilie hadi Ijumaa ya pili." Yule mwingine anangoja umfuate, kisha anakupa elfu hamsini mkononi kama anayekutunza, na papo hapo anakuongezea kazi: "Nichomelee na kitanda cha mlinzi, ni kazi ya dakika tano." Kila ukidai, unarudi na kazi zaidi kuliko pesa. Kazi kubwa anayokuahidi huko mbele, ya nyumba ya pili au ya hoteli ya shemeji yake, usiipigie hesabu kabisa.

Kuna mmoja atauliza: basi si uondoke dalili ya kwanza tu? Ukishapokea advansi huwezi kuondoka hivi hivi. Sheria ya Mikataba, Sura 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo, na anayeyavunja anaweza kudaiwa fidia. Kwa hiyo kuna siku ya kuondoka na kuna siku ya kungoja. Siku ya kuondoka ni ile ambayo kazi yako na pesa yake vinakaribiana. Ukiondoka umeshika pesa yake nyingi, wewe ni mwizi wa nne. Ukiondoka unamdai nyingi, umempa faida ya kukufukuza. Ndiyo maana siku hizi silipwi nusu kwa nusu. Kazi ya aina ile naigawa mara nne, na kila malipo yana kipande chake cha kazi. Kila kipande kikikamilika panakuwa na mlango wa kutokea, kwa wote wawili.

Kwa kazi ya yule mzee nilijitengenezea mlango mwenyewe. Nilikuwa nimefunga grili 5, yaani 900,000. Nikamaliza ya 6 karakana, nikaipeleka: 1,080,000. Yeye alishanipa 1,200,000. Kwa hiyo nilikuwa na 120,000 yake. Skwea paipu za geti nilikuwa nimeshazinunua, lakini hazijakatwa, na paipu ambayo haijakatwa itatumika kwa mteja mwingine. Ningeweza kumpa hizo paipu na kumdai juu yake. Ningekuwa nimefungua bishano jipya la bei za duka. Nikabaki nazo, nikamrudishia fedha. Zile siku mbili za kukata upya sikumdai. Sikuandika mabadiliko, kwa hiyo ile ni ada yangu ya shule.

Kabla ya kufikia hesabu, angalieni usalama. Usiache geti limeshikizwa kwa nukta mbili za kuchomelea, mtoto akining'inia linamwangukia. Usiache dirisha la chini limetobolewa tayari, halina grili. Simameni mahali ambapo mtu anaweza kulala ndani bila wasiwasi, hata kama ni nusu siku ya kazi ya bure.

Kisha mpigie aliyekuunganisha. Hili tunalisahau sana. Rafiki yangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee, uso wake ulikuwa pale. Nilimwambia usiku uliotangulia, kwa maneno machache, bila kumsema mzee. Asubuhi nikampigia mzee mwenyewe, kwa sababu mtu mzima haachwi kwa ujumbe. Nilimwambia: "Mzee, namna unavyotaka kazi iende na namna ninavyofanya mimi haziendani. Sitaki nikuharibie nyumba. Naishia hapa, na chenji yako naituma." Akapandisha sauti. Nikasikiliza. Halafu akashusha: "Basi nakuongezea laki mbili, malizia." Hapo ndipo wengi wetu tunarudi. Laki mbili ile ingekuja vipande vipande. Nikashukuru, nikakataa, na baada ya kutuma pesa nikaandika ujumbe huu:

"Shikamoo Mzee. Kama tulivyoongea asubuhi, kazi ya grili na geti naishia hapa. Grili 5 zimefungwa, ya 6 iko kwa mlinzi tangu jana. Thamani ya zote 6 ni 1,080,000. Nilipokea 1,200,000, hivyo nimekurudishia 120,000 leo kwa simu. Ufunguo wa mlango wa nyuma nimemkabidhi mlinzi. Vipimo vya madirisha 2 yaliyobaki na vya geti viko kwenye picha hii, fundi yeyote anaweza kuvitumia. Grili nilizofunga zikilegea ndani ya miezi 3, niite nirekebishe bila malipo. Asante kwa kuniamini na kazi yako."

Ona yasiyokuwemo. Hakuna mdogo wake, hakuna maua ya mshazari, hakuna neno "usumbufu". Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye rasimu ya kwanza, nikayafuta, kwa kuwa ujumbe huu haukuandikwa kwa ajili ya mzee peke yake. Ungeweza kuonyeshwa kwa shemeji, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, na kila atakayeusoma angekuta hesabu na adabu tu. Hakuna pia "labda" wala "tukae tuongee", kwa sababu hayo yanamrudisha mezani. Ile ahadi ya miezi 3 ndiyo iliyonigharimu kuiandika, lakini fundi anayekimbia kazi mbovu haahidi kurudi, na kila mtu analijua hilo. Alijibu kwa ukali. Nilimjibu mara moja: "Nimekuelewa Mzee, hesabu ni hiyo niliyotuma." Nikanyamaza. Ujumbe wa muamala na ule wa kwangu nimevipiga picha, nakala ya hesabu iko kwenye kaunta buku.

Sasa ninachowaombeni. Kwanza, tuache kuwaanika wateja kwenye makundi ya simu, majina na namba zao. Najua hasira yake, lakini ukitia katika hadithi yako jambo unalojua si kweli ili kumchafua, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na mteja mpya anayesoma pale atajiuliza siku ukigombana naye utamwanika vipi. Pili, na hili ndilo kubwa kwangu: ukiitwa kumalizia kazi aliyoiacha mwenzako, mpigie kabla hujapokea advansi. Muulize vipimo, muulize amefikia wapi, muulize kama anadai au anadaiwa. Nasi tunaopigiwa tujibu kwa yale tuliyoyaona kwa macho, bila kumpa mtu jina la mwizi.

Mimi nilipigiwa. Kijana mmoja wa Korogwe, wiki tatu baadaye, akasema kaikuta picha ya vipimo vyangu kwa mzee na anataka kuhakiki upana wa geti. Tukahakiki. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kaka, analipa?" Nikamwambia mwandikiane, na mgawe malipo mara nne.

Geti liko pale sasa. Nikipita na Noah kwenda Korogwe nalitazama. Bawaba kaziweka upande ambao nisingeuweka mimi, lakini limekaa sawa.