Kinyume cha "Kali" ni Kipi?

Napinga swali ambalo wengi wetu tumelijibu tangu tulipoanza kujifunza Kiswahili: taja kinyume cha neno hili. Silipingi kwa kuwa ni gumu. Nalipinga kwa kuwa, jinsi linavyotungwa mara nyingi, halina jibu moja, na mwanafunzi anayelifikiria vizuri ndiye anayeadhibiwa.

Huku Katwe ninakoishi, mafundi wa chuma hutengeneza sigiri, mageti na toroli kando ya barabara. Jioni huwasaidia watoto wa majirani kazi zao za shule. Mmoja wao, ambaye baba yake hunoa visu na mapanga, aliniletea karatasi iliyosahihishwa. Kinyume cha "kali" ni: (a) butu (b) pole (c) tamu (d) baridi. Alichagua "butu". Mwalimu alimkosoa na kuandika "pole". Mtoto akaniuliza, "Kaka, kisu kisichokata ni kisu kipole?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hakukosea. Kisu kikali kinyume chake ni kisu butu; mbwa mkali kinyume chake ni mbwa mpole. Neno "kali" halina kinyume hadi tujue linaeleza nini. Mtoto anayezungumza Kiganda analiona hilo upesi kuliko sisi, maana katika lugha yake ukali wa kisu ni "-ogi" na ukali wa mbwa ni "-kambwe", maneno mawili tofauti. Mtungaji aliliondoa neno kwenye sentensi, kisha akamtaka mtoto akisie sentensi iliyokuwa kichwani mwake.

Visawe navyo vina ugonjwa huohuo. Tunafundishwa kwamba "kufa" na "kufariki" ni visawe. Ni kweli, mradi tunazungumza juu ya mtu. Betri ya simu imekufa, lakini hakuna anayesema imefariki. Kisawe hupimwa kwa kukiweka mahali pa neno la kwanza katika sentensi ileile. Pasipo sentensi, hakuna cha kupimia.

Watu wengi hujitetea kwa ushauri wa kawaida: chagua jibu lililo karibu zaidi kimaana. Ushauri huo unapotosha, na maswali ya ulinganifu yanaonyesha kwa nini. Tazama hili:

Funga : fungua :: anika : ?
(a) kausha (b) lowesha (c) anua (d) kunja

Majibu yote manne yanahusu nguo. Anayetafuta ukaribu atachukua "kausha". Anayekumbuka kwamba funga na fungua ni vinyume ataruka moja kwa moja hadi "lowesha", kwa kuwa ukavu na umajimaji hupingana. Wote wawili wamekosa, kwa sababu hawakuutaja kwanza uhusiano wa jozi ya kwanza. Tuutaje: kufungua ni kuondoa hali iliyoletwa na kufunga. Sasa tujaribu. Nguo iliyo kwenye kamba ukiimwagia maji italowa, lakini bado imeanikwa. Ukiianua, hali ya kuanikwa imekwisha. Jibu ni "anua". Hapa tena Kiganda kinasaidia: yanika, yanula.

Wala mwisho wa neno peke yake si ushahidi. Ni kweli tuna kunja na kunjua, ziba na zibua, lakini "nunua" si kinyume cha "nuna". Lazima uhusiano wa maana uthibitishwe kwa sentensi.

Wahadhiri wetu wataniambia kwamba maswali ya neno mojamoja ni mepesi kusahihisha darasa likiwa na wanafunzi wengi. Nakubali. Lakini kuandika "kisu kikali" badala ya "kali" hakuongezi hata dakika moja ya kusahihisha. Ulinganifu pia unaweza kuharibika: ukiuliza "mhunzi : nyundo :: seremala : ?" ukaweka "randa" na "msumeno" pamoja, umeuliza swali lenye majibu mawili, kwa kuwa vyote ni vifaa vya seremala. Ondoa kimoja, weka "mbao" mahali pake, na swali litasimama.

Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na wengi wetu tunaosoma hapa tutakuwa walimu wa watoto hawa. Kwa hiyo nadai jambo moja kwetu sote. Kabla ya kutoa swali, mtungaji achukue kila jibu analoliita kosa na ajaribu kulitungia sentensi itakayolifanya kuwa sahihi. Akifaulu, swali halijakamilika. Na ikiwa mwanafunzi ndiye aliyeitunga sentensi hiyo, apewe alama yake. Mtoto yule wa jirani bado hajapewa yake.