Atomi hazivimbi, mwalimu

NYUNDO YA JUMAMOSI
Na Zubeda Mkwizu

Jumanne jioni nilipita Magomeni kumchukua mpwa wangu twisheni. Kipindi kilikuwa hakijaisha, nikasimama pembeni ya kibaraza. Ubaoni mwalimu alikuwa amechora majedwali matatu. La kwanza lilikuwa la kuyeyuka: risasi nyuzi 327, alumini 660, chuma 1538, tangsteni 3422. La pili lilikuwa la ukakamavu, yaani jinsi metali inavyokataa kuvutika na kupinda. La tatu lilikuwa la kutanuka kwa joto. Orodha ilikuwa ileile ya metali, lakini kati ya jedwali na jedwali alikuwa amepiga mstari mnene, kana kwamba ni mada tatu zisizojuana. "Mtihani unatoka humu," alisema. "Karirini."

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. Baadaye mpwa wangu aliniambia baba yake ni fundi wa magari. Aliuliza kwa adabu: "Mwalimu, samahani, kwa nini alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma? Baba anasema hiyo ndiyo inayoua gasketi."

Mwalimu hakufikiri hata kidogo. "Kwa sababu atomi za alumini zinavimba zaidi zikipata joto. Andika hivyo."

Akaandika. Darasa zima likaandika.

Maneno hayo mawili, "andika hivyo", hunikera. Mtoto amekuja na swali kutoka kwenye kazi ya baba yake, swali lenye jibu zuri kuliko yote yaliyokuwa ubaoni, akapewa uongo. Atomi haivimbi. Ukiipasha moto alumini, atomi zake hubaki na ukubwa uleule. Kinachoongezeka ni nafasi kati yao, na sababu ya nafasi hiyo kuongezeka ndiyo ileile inayoeleza majedwali yote matatu.

Chukua atomi mbili za metali. Zikiwa mbali sana hazina habari moja na nyingine. Zisogeze, zinaanza kuvutana, na nishati yao inashuka. Zisogeze kupita kiasi, elektroni zao zinasukumana, na nishati inapanda kwa ghafla. Sasa chora grafu: umbali kati yao kwenye mstari wa mlalo, nishati kwenye mstari wa wima. Utapata bonde. Ukuta wake wa kushoto, ule wa kusukumana, umesimama karibu wima. Upande wa kulia ni mteremko mpole unaopanda polepole hadi kufika tambarare, mahali ambapo atomi zimeshaachana. Chini kabisa ya bonde ndipo zinapopenda kukaa. Kwa alumini, hapo ni umbali wa takriban nanomita 0.286 kati ya atomi na jirani yake.

Soma bonde hilo mara tatu, utapata majedwali matatu. Kina chake kinakuambia ni nishati kiasi gani inahitajika kuzitenganisha atomi, kwa hiyo metali yenye bonde refu huyeyuka kwenye joto kubwa. Mkunjo wa sehemu ya chini unakuambia ukakamavu: kama ukisogeza atomi kidogo tu kutoka chini nishati inapanda kwa haraka, metali hiyo ni ngumu kuvuta. Na kutolingana kwa kuta mbili kunakuambia kutanuka.

Hilo la tatu ndilo jibu alilonyimwa yule msichana, kwa hiyo nalieleza taratibu. Atomi haikai tuli chini ya bonde; hutikisika. Joto likiongezeka, hupanda juu zaidi kwenye kuta zote mbili. Kushoto inakutana na ukuta mkali na haiendi mbali. Kulia kuna mteremko mpole, basi inakwenda mbali zaidi kabla ya kurudi. Ukichukua wastani wa safari yake, umesogea kulia. Umbali wa wastani kati ya atomi umeongezeka, na kipande kizima kimerefuka. Lau kuta zote mbili zingelingana sawasawa, ungeweza kuchoma kipande hicho hadi kiwe chekundu na atomi zingetikisika sana, lakini wastani wao ungebaki palepale na kipande kisingeongezeka hata unywele.

Sasa unganisha. Bonde lenye kina kirefu kwa kawaida huwa pia limebana. Joto lilelile linaipandisha atomi kidogo tu, na huko karibu na chini kuta mbili bado zinakaribia kufanana. Kwa hiyo metali inayochelewa kuyeyuka huwa kakamavu na hutanuka kidogo. Tazama alumini: inayeyuka kwa nyuzi 660, ukakamavu wake ni kama gigapaskali 70, na kila nyuzi moja ya joto huirefusha kwa sehemu 23 katika milioni. Chuma kinayeyuka kwa 1538, ukakamavu wake ni kama 210, na hurefuka kwa sehemu 12. Tangsteni, ile ya uzi wa balbu za zamani, inayeyuka kwa 3422, ukakamavu wake uko karibu na 400, na hurefuka kwa sehemu 4 na nusu tu. Mwanafunzi aliyelielewa bonde hahitaji kukariri mpangilio huo. Akipewa safu moja anaweza kukisia nyingine mbili.

Kuna jambo lingine ambalo mwalimu yeyote angeweza kulionyesha kwa chaki na dakika tano. Hesabu joto la kuyeyuka kuanzia sifuri halisi, yaani ongeza 273 kwenye nyuzi zetu za kawaida, kisha zidisha kwa kiwango cha kutanuka. Alumini inatoa takriban asilimia 2.1. Chuma, asilimia 2.2. Tangsteni, asilimia 1.7. Metali zinazotofautiana kiasi hicho zote zinarefuka kwa karibu asilimia 2, kisha mpangilio wa atomi zake hauwezi tena kusimama, zinayeyuka. Mjerumani Eduard Grüneisen alilifanyia kazi jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20. Limekaa kwenye vitabu zaidi ya miaka 100, na sisi bado tunapiga mstari mnene kati ya majedwali.

Turudi kwa fundi, maana swali lilitoka kwake. Injini nyingi zina bloku ya chuma cha kusubu na silinda hedi ya aloi ya alumini. Chukua hedi ya urefu wa milimita 500. Injini ikitoka baridi hadi joto la kazi, tuseme nyuzi 70 zaidi, hedi inataka kurefuka kwa karibu milimita 0.7, na bloku iliyo chini yake kwa karibu 0.4. Tofauti ya takriban theluthi moja ya milimita inabebwa na gasketi iliyobanwa katikati, kila unapowasha gari na kila unapolizima. Gasketi imetengenezwa kuvumilia hilo. Isichovumilia ni rejeta kukauka.

Maji yakiisha, hedi inapata moto kupita kiasi na tena si sawasawa: karibu na vyumba vya kuchomea mafuta joto ni kali kuliko pembeni. Sehemu ya moto inataka kurefuka, bolti na sehemu za baridi zinaikatalia, nayo inajikunja. Hapa bonde linajitokeza tena. Nyuzi 200 kwa alumini, ukihesabu kutoka sifuri halisi, tayari ni nusu ya safari kuelekea kuyeyuka. Kwa chuma ni kama robo tu. Ndiyo maana kwenye joto hilohilo chuma bado kina nguvu zake na aloi ya alumini imeanza kulegea. Imebanwa ikiwa imelegea, basi inakubali umbo jipya. Ikipoa inabaki imepinda. Kumwagia maji baridi wakati huo ni kuongeza msiba, kwa sababu upande mmoja unasinyaa ghafla na mwingine bado umetanuka, na hedi inaweza kupasuka.

Fundi mzuri hakisii. Anafungua, anasafisha uso wa hedi, anaweka juu yake rula ya chuma iliyonyooka, kisha anajaribu kupenyeza bamba jembamba la kupimia chini ya rula, kwa urefu na kwa mshazari. Bamba la milimita 0.1 likipenya, kwa injini nyingi hedi hiyo haifai kurudishwa mpaka isawazishwe kwa mashine. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa na moshi mweupe usioisha vilishamwambia mapema mahali pa kutazama. Mtu anayefanya kazi hiyo yuko karibu na fizikia ya atomi kuliko daftari la mwanawe, na hilo ndilo linaloniuma.

Najua atakayenijibu kwamba bonde halielezi kila kitu. Ni kweli, na hayo nayo yafundishwe. Bonde halisemi chuma kitakatika lini. Ukichovya chuma cha springi ili kiwe kigumu, nguvu yake inapanda sana, ila ukakamavu wake unabaki uleule kwa karibu kabisa, kwa sababu vifungo vya atomi havijabadilika. Na ipo aloi ya chuma na nikeli iitwayo Inva, ambayo hutanuka kama sehemu moja ya kumi ya chuma ingawa huyeyuka karibu na chuma. Sababu ni usumaku wake, unaopoteza nguvu joto linapopanda na kufuta karibu tanuko lote. Charles Édouard Guillaume aliyeichunguza alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1920. Mwanafunzi hawezi kushangazwa na Inva kama hajui kanuni inayovunjwa.

Nawaomba watunga mitihani jambo moja. Acheni kuuliza kiwango cha kutanuka kwa alumini ni kipi. Takwimu hiyo mpeni mtoto kwenye karatasi. Mpeni metali mbili asizowahi kuzisikia, moja inayeyuka kwa nyuzi 400 na nyingine kwa 2500, mwambieni achore mabonde yake na aeleze ipi itarefuka zaidi jikoni na kwa nini. Atakayeandika kwamba atomi zimevimba apate sifuri, na sifuri hiyo apelekewe aliyemfundisha.