Zege Lisimwagwe Kabla ya Nondo Kupimwa

Umezuka mtindo wa hatari katika ujenzi wa madarasa yetu. Kamati ya ujenzi huhesabu nondo zilizonunuliwa, hutia saini stakabadhi, kisha huridhika. Lakini kuhesabu nondo si kuzikagua.

Tuchukue mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha ya madarasa matatu, katika ukuta wa mita 27. Humo hulazwa nondo nne za milimita 12, mbili chini na mbili juu, zikafungwa kwenye ringi kwa waya. Nondo ya dukani ina urefu wa mita 12. Hivyo kila mstari hauna budi kuungwa mara mbili, kwa kupishanisha ncha za nondo. Mapishano hayo yawe mara 50 ya unene wa nondo, yaani milimita 600, isipokuwa mchoro wa mhandisi umeagiza vingine.

Wapo mafundi wanaopishanisha milimita 200 tu na kukaza waya, wakidai kuwa waya ndio unaoshika. Huo ni upotofu mtupu. Kazi ya waya ni kuzuia nondo zisihame zege linapomwagwa. Nguvu ya nondo moja huifikia nyingine kwa kupitia zege linalozizunguka. Mapishano yakiwa mafupi, nondo huchomoka na mkanda hupasuka. Na ubahili huo unaokoa nini? Mita 3.2 kwa ukuta mzima, kama robo ya nondo moja! Tena maungio ya nondo za chini yasiwe katikati ya dirisha, ambako mvutano ni mkubwa. Yawekwe karibu na ukuta unaobeba, wala yasikutane yote mahali pamoja.

Uzembe wa pili ni kulaza ringi juu ya ubao, ati fundi atazinyanyua kwa mkono wakati wa kumwaga. Akishaondoka, uzito wa zege huzirudisha chini. Dawa yake ni vijiwe vya saruji na mchanga, vyenye unene wa milimita 25, au 40 karibu na bahari, vilivyomwagiliwa maji hadi vikakomaa. Vifungwe chini na ubavuni kila baada ya mita moja. Kipande cha mti huoza, na kipande cha nondo huita kutu. Chuma kikishika kutu huvimba na kulibandua zege. Dalili yake ni ufa wenye doa la kahawia unaofuata mstari wa nondo. Kupiga lipu juu ya ufa huo ni kuficha ugonjwa.

Basi mwalimu mkuu na ofisa msimamizi wapande jukwaani na futi ya kupimia kabla zege halijachanganywa. Wapime mapishano, wausukume mtandao wa nondo waone kama unacheza, wachungulie kama mwanga unapita chini yake. Wasiporidhika, wakatae. Baada ya zege kukauka, hakuna saini itakayorefusha nondo.