Ukiuza Wewe, Mwenye Duka Auze Nini?

Wacha niseme wazi: kampuni ikimuuzia mwenye duka mzigo kwa bei ya jumla, halafu ifungue duka mtandaoni iuze kitu kile kile chini ya bei yake, imemgeuka mtu aliyeijengea soko.

Tupige hesabu. Tuseme blenda inamfikia muuzaji wa Githurai kwa 2,500. Ana kodi, stima na mshahara wa kijana wa kazi, so anauza 3,200. Ghafla kampuni inaweka ofa: 2,700, na inakuletea bure. Mteja anaingia dukani, anawashiwa blenda, anauliza maswali kumi, anasema "nitarudi", kisha anaiagiza kwa simu akiwa hapo nje. Muuzaji akishuka hadi 2,700 anabaki na 200. Na bado ana blenda 30 kwa stoo, alizochukua kwa deni.

Najua mtasema mteja amepata bei poa, shida iko wapi? Ngoja miezi michache. Muuzaji hapigi kelele. Anashusha blenda yako rafu ya chini, na mtu akiiulizia anaambiwa "chukua hii ingine, ni noma". Kwa hivyo kampuni ikiona mauzo ya mtandaoni yakipanda huku oda za maduka zikishuka, isisherehekee. Imehamisha wateja wale wale tu.

Muulize Nike. Mwaka wa 2017 ilitangaza itaweka nguvu kwa wauzaji 40 hivi kati ya maelfu, ikisukuma sana app na maduka yake. Wengi wakakatwa. Unadhani rafu zilibaki tupu? Hoka na On zikaingia. Kufikia 2023, Nike ilikuwa imerudi kuuza kupitia Macy's, duka ambalo ilikuwa imeliacha.

Sisemi kampuni isiuze mtandaoni, hiyo ni ndoto. Lakini bei yake ya mtandaoni ikae pale pale inapopendekeza maduka yauze. Haiwezi kulazimisha maduka bei ya chini kabisa, sheria ya ushindani ya Kenya inakataza, lakini bei yake yenyewe iko mikononi mwake. Ikitaka kushusha, imfidie muuzaji tofauti kwa kila kipande kilichobaki stoo. Kwa zile blenda 30, bei ya jumla ikishuka kwa 400, hiyo ni 12,000 ya kukatwa kwenye deni lake.

Na oda ikitoka Githurai, mbona itumwe kutoka bohari ya mbali? Ipewe duka la Githurai, likabidhi blenda, lipate mgao wake. Mgao lakini uwe wa maana. Ukimpa muuzaji shilingi 50 kwa kufungua boksi, kujaribu mashine na kupokea malalamiko ya waranti, atakwambia tu mzigo umeisha, na hutajua anakudanganya mpaka uende uhesabu stoo yake.