Neno Linalosomeka Kwa Pande Mbili: Tuanze na Swali, Si na Programu

Walimu wanafunzi wengi wanapoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hupewa zoezi moja mashuhuri: kuandika kitendakazi, yaani fungu dogo la maagizo lenye jina lake, ambacho hupokea neno na kujibu kama neno hilo husomeka sawasawa kutoka mbele na kutoka nyuma, bila ya kujali herufi kubwa na ndogo wala nafasi baina ya maneno. Kwa ufupi, neno la namna hiyo nitaliita neno la kioo. Zoezi ni jema. Lakini jinsi linavyofundishwa mara nyingi haliwafai watoto wa shule ya msingi, na maoni yangu katika makala haya ni kwamba linapaswa kuanzia kwenye lugha yenyewe, kisha kwenye vidole, na mwisho ndipo liende kwenye kompyuta.

Waulizeni watoto wa darasa la nne watoe mfano wa neno la kioo. Wengi watasema "baba", au "dada", au "kaka". Majibu haya si ya kupuuzwa. Mtoto ameona kwamba kuna kitu kinachorudiwa. Lakini kurudiwa si sawa na kugeuzwa. Andikeni "baba" ubaoni, herufi moja moja, kisha msome kutoka mwisho: a-b-a-b. Si neno lile lile. Hata hivyo mtoto anaweza kushika msimamo wake, kwa kuwa yeye amegeuza silabi: ba-ba, na ukizigeuza zinabaki ba-ba. Katika mwambao wetu mchezo wa kugeuza silabi ni wa zamani; Askofu Edward Steere, aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19, aliutaja katika kitabu chake cha lugha kwa jina la kinyume. Basi kabla ya jambo lolote, darasa halina budi kukubaliana: tunageuza herufi, au sauti, au silabi? Kompyuta haitatuuliza swali hilo. Itageuza herufi, kwa sababu herufi ndizo inazohifadhi.

Tukishakubaliana juu ya herufi, Kiswahili kinatupa kanuni nzuri ambayo watoto wanaweza kuigundua wenyewe. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Kwa hiyo neno la kioo la Kiswahili lazima lianze na irabu, tena irabu ile ile linaloishia. "Tanga" linaanguka mara moja, kwa kuwa t si a. "Usagara" nalo linaanza na irabu lakini linaishia na irabu nyingine. Yanayobaki ni maneno kama "utu", "uvivu" na "ububu". Kisha mtoto mwenye macho atagundua kwamba vitenzi vyetu vimejaa hazina hii: "amesema", "ametema", "atapata", "atakata", "akataka". Someni kila moja kutoka nyuma. Hapana haja ya kuazima mifano ya lugha za kigeni iliyozoeleka katika vitabu vya programu.

Sasa tuje kwenye vidole. Andikeni "amesema" juu ya vipande saba vya manila, herufi moja kwa kila kipande, mvipange mezani. Mtoto aweke kidole cha kushoto juu ya herufi ya kwanza na kidole cha kulia juu ya herufi ya mwisho. Je, zinafanana? Ndiyo, a na a. Asogeze vidole vyote viwili hatua moja kuelekea kati: m na m. Tena: e na e. Sasa vidole vimekutana juu ya s, ambayo haina mwenzake, na kazi imekwisha. Herufi saba zimehitaji kulinganishwa mara tatu tu. Jaribuni "alama" kwa njia hiyo hiyo. Ncha zinafanana, a na a, lakini hatua ya pili inaonyesha l na m, na hapo mtoto anaacha bila ya kuendelea. Mtoto aliyefanya hivi kwa vidole amekwisha kuandika programu; lililobaki ni kuitafsiri.

Tafsiri yake katika lugha ya Python ni hii:

```python
def neno_la_kioo(neno):
    safi = neno.lower().replace(" ", "")
    kushoto = 0
    kulia = len(safi) - 1
    while kushoto < kulia:
        if safi[kushoto] != safi[kulia]:
            return False
        kushoto = kushoto + 1
        kulia = kulia - 1
    return True
```

Mstari wa pili ndio usafi: `lower()` hugeuza herufi zote kuwa ndogo, na `replace(" ", "")` huondoa nafasi. Matokeo yanawekwa katika `safi`, nalo neno la mwanzo linabaki kama lilivyokuwa. Anayeandika `neno.lower()` peke yake bila ya kuyahifadhi matokeo atashangaa kuona kwamba hakuna kilichobadilika. Vidole viwili ni `kushoto` na `kulia`. Kwa kuwa kompyuta huanza kuhesabu na 0, herufi ya mwisho ya neno lenye herufi saba ni ya 6. Ndiyo maana tunatoa 1. Asiyetoa 1 ataambiwa na mashine kwamba amevuka mwisho wa neno. Kosa hilo si la kuogopesha, kwa sababu linajitangaza.

La kuogopesha ni kosa linalonyamaza. Mwanafunzi akiusogeza mstari wa `return True` ndani ya kitanzi, kitendakazi kitajibu baada ya jozi ya kwanza tu. Kitasema kweli kwa "utu", kitasema kweli kwa "amesema", na kitakataa "Tanga", yote kwa usahihi. Mwalimu asiyepima zaidi ya hapo atatoa alama zote. Lakini mpeni "alama": kitajibu kwamba ni neno la kioo. Neno hilo moja linalofanana kwenye ncha na kutofautiana ndani lina thamani kuliko maneno kumi yaliyookotwa ovyo.

Jambo hili la kuchagua maneno ya kupimia ndilo ninalotaka mlizingatie kuliko yote. Karibu na sisi, katika milima ya Usambara ya wilaya ya Muheza, kuna mahali paitwapo Amani, ambapo Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Ukiligeuza jina hilo unapata "inama". Kwa hiyo "Inama Amani" husomeka sawasawa kwa pande mbili, na linaonekana kuwa kipimo bora kwa kuwa lina herufi kubwa na lina nafasi. Lakini tazameni vizuri. Nafasi yake iko katikati kabisa: herufi tano kushoto, herufi tano kulia. Mwanafunzi aliyesahau kuondoa nafasi bado atapata jibu sahihi, kwa kuwa vidole vitakutana juu ya nafasi yenyewe. Kipimo kimepita, na kosa limebaki.

Badala yake chukueni "ana wana". Bila ya nafasi ni a-n-a-w-a-n-a, neno la kioo kamili. Nafasi isipoondolewa, jozi tatu za kwanza zitapatana, lakini jozi ya nne italinganisha nafasi na w, na jibu litakuwa la uongo. Kosa limekamatwa. Kwa herufi kubwa tumieni jina "Anna" peke yake, maana kwa kompyuta A na a ni alama mbili tofauti. Kila neno la kupimia litafute kosa moja. Ukichanganya makosa mawili katika neno moja hutajua ni lipi lililokuangusha.

Hapa patakuwa na mwalimu atakayesema kwamba ninarefusha kazi bure, kwa kuwa baada ya usafi Python hukubali jambo lote kwa mstari mmoja: `return safi == safi[::-1]`. Ni kweli, na mstari huo ni sahihi. Sina ugomvi nao mahali pake. Ubaya wake ni kutangulizwa. Alama zile za mabano hazimwonyeshi mtoto ncha zikilinganishwa, wala kazi ikisimama pale tofauti inapoonekana. Anayeanza nao hunakili. Anayeufikia baada ya vidole anaona kwamba ni njia nyingine ya kuulizia swali lile lile, na anaweza kueleza kwa nini majibu yanapatana. Uje mwishoni, kama ufupisho wa jambo linalojulikana.

Nimalizie kwa mtoto ambaye hakika mtakutana naye. Jina lake ni Asha, naye atawaambia kwamba jina lake ni neno la kioo. Kitendakazi kitamkatalia, kwa kuwa a-s-h-a ikigeuzwa ni a-h-s-a. Lakini Asha hajakosea kusikia. Sauti za jina lake ni tatu, a, sh, a, na zinasomeka sawasawa kwa pande mbili. Vivyo hivyo "acha" na "ishi". Tumemfundisha kusoma kwa sauti tangu darasa la kwanza, na sasa mashine inahesabu herufi. Kwa "ch" dawa ni nyepesi: kwa kuwa Kiswahili hakiitumii c peke yake, tunaweza kuongeza `.replace("ch", "c")` mwishoni mwa mstari wa usafi, na "acha" itakubaliwa. Kwa "sh" tutahitaji kuazima herufi isiyotumika, kama x. Hata hivyo tukumbuke kwamba kuna jina Is-haka, ambalo huandikwa kwa kistari ili s na h zisisomwe kwa pamoja. Tukianza kufuta vistari kama tunavyofuta nafasi, tutaziunganisha sauti ambazo mwandishi alikusudia kuzitenga.

Msimwambie Asha kwamba kompyuta imesema hapana, mkaishia hapo. Mwambieni kwamba yeye na kitendakazi wamejibu maswali mawili tofauti, kisha mwulizeni ni mstari upi tuubadilishe ili kijibu swali lake.